Naombeni jicho lenu: hadidu za rejea za tathmini ya mradi wa nyuki, Sikonge

Kalunde_Tbr
Wakuu, salaam kutoka Tabora mjini. Mimi ni mratibu katika asasi ndogo ya hapa mkoani. Tulikuwa na mradi wa miaka 3 wa ufugaji nyuki wilayani Sikonge: vijiji 8, vikundi 32, kila kikundi watu 20, jumla wanachama 640. Kila kikundi kilipewa mizinga 40 ya kisasa ya masanduku, kwa hiyo tuligawa mizinga 1,280, pamoja na mavazi ya kurinia, mabomba ya moshi na mafunzo. Mradi ulifungwa Desemba 2024. Sasa mfadhili anataka tathmini ya mwisho ifanywe na mshauri wa nje, na bodi imenipa kazi ya kuandika hadidu za rejea.

Nimeandika kurasa 11. Kwa sehemu kubwa nimefuata hadidu za asasi nyingine. Kiini chake ni hiki:

"Mshauri atapima ulandanifu, upatanifu, ufanisi, tija, athari na uendelevu wa mradi. Atatumia sampuli wakilishi ya wanufaika. Kazi itafanyika kwa siku 15 kuanzia tarehe 10 Februari. Malipo ya mwisho yatatolewa baada ya ripoti itakayoiridhisha asasi."

Chini yake nimeweka maswali 23 ambayo mshauri anapaswa kuyajibu. Bajeti yote ni shilingi milioni 18. Naombeni mnisomee kwa ukali kabla sijaitangaza kazi hii. Sitaki tupate ripoti nene ambayo haimsaidii mtu.

Kijana wa Ng'ambo
Dada Kalunde, hongera kwa kazi. Wasifu nitume wapi? Nina shahada ya maendeleo ya jamii na nimeshafanya kazi ya kudodosa kwenye miradi 3 hapa Tabora. Mwisho wa kutuma maombi ni lini?

Kalunde_Tbr
Mdogo wangu, bado hatujatangaza. Hapa naomba ushauri wa namna ya kuandika hadidu zenyewe. Lakini usiondoke, maana aliyezunguka na dodoso vijijini ana mengi ya kutuambia.

Mpimaji Mkongwe
Dada Kalunde, nimefanya tathmini kwa miaka mingi, sasa nimepumzika Nzega. Kabla sijagusa chochote, nina swali moja. Ripoti ikishatoka, nani ataisoma, na ataamua nini kwa sababu yake? Usinijibu "kwa ajili ya kujifunza". Nitajie uamuzi wenyewe.

Kalunde_Tbr
Shikamoo mzee. Maamuzi yapo matatu. Mfadhili anaamua kama atatoa fedha za awamu ya pili, ambayo tunataka kuipeleka Urambo. Bodi yetu inaamua kama tununue tena mizinga ya masanduku au tuboreshe ile ya asili ambayo wazee wanaijua. Na vikundi vyenyewe vinataka kujua kama viendelee kuuza kila kimoja peke yake au viungane.

Mpimaji Mkongwe
Marahaba. Basi maneno hayo uliyoniandikia sasa hivi ndiyo yawe ukurasa wa kwanza wa hadidu zako. Kwenye rasimu yako hayamo kabisa, na mshauri asipoyajua ataandika ripoti ya kumfaa yeyote, na ripoti ya kumfaa yeyote haimfai mtu.

Sasa hivyo vigezo sita. Vinatoka kwenye kamati ya misaada ya maendeleo ya OECD. Vilianza vikiwa vitano mwaka 1991, na mwaka 2019 wakaongeza cha sita, upatanifu. Katika marekebisho hayo ya 2019 walisema wazi kwamba vigezo vitumike kwa kufikiri, kulingana na lengo la tathmini, wala visijazwe vyote kama fomu. Watu wengi hawajasoma hapo. Wanaviorodhesha vyote, kila kigezo wanakipa maswali manne hivi, ndiyo unafika 23.

Chukua maswali yako moja moja, uliulize kila moja: kati ya maamuzi yale matatu, hili linasaidia lipi? Lisilo na jibu lifute. Nadhani yatabaki manne au matano.

Kalunde_Tbr
Nimekaa nayo jana usiku. Yamebaki manne:

Kati ya mizinga 1,280, mingapi inatumika leo, na isiyotumika imekwamia wapi? Je, kipato cha wanachama kutokana na asali kimebadilika? Je, vikundi vinajiendesha vyenyewe sasa ambapo sisi hatupo? Na wanawake waliosajiliwa kama wenye mizinga, ndio wanaorina na kushika fedha, au ni majina tu kwenye daftari?

Moja ambalo kulifuta kumeniuma ni la mazingira, kama misitu ya miombo imepona. Nalipenda sana, lakini siku 15 hazitoshi kuliona.

Mpimaji Mkongwe
Umelifuta vizuri. Badiliko la msitu kwa miaka 3 mshauri hataliona kwa macho, angekuandikia tu alichoambiwa.

Sasa turudi kwenye swali la kwanza, maana lote limebebwa na neno "inatumika". Mzinga unaotumika ni upi? Uliotundikwa? Wenye nyuki siku ya kuhesabu? Au uliorinwa asali msimu uliopita? Hizo ni namba tatu zinazoachana sana. Kama andiko la mradi liliahidi "asilimia 80 ya mizinga itatumika" bila kufafanua, afisa wenu wa uwandani atahesabu iliyotundikwa, mshauri atahesabu yenye nyuki, halafu mtakaa mezani mbele ya mfadhili mnabishana huku wote mnasema kweli.

Mwenyekiti wa Manzuki
Nimeuona uzi huu kwa bahati, na mimi ni wa huko huko Sikonge, mwenyekiti wa kikundi cha nyuki. Sisemi mradi gani. Mzee Mpimaji amegusa penyewe.

Mzinga kuwa na nyuki si jambo la kutazama kwa mbali. Ukisimama hatua kumi ukaona nyuki wanazunguka mlangoni, unaweza kuandika "una kundi", kumbe ni wezi wanaokomba asali kwenye masega ambayo kundi limeyaacha. Mzinga wenye kundi la kweli, simama pembeni dakika tatu au nne, utaona nyuki wanaingia na chavua miguuni. Hiyo ni chakula cha watoto, maana yake ndani kuna malkia anataga. Mzinga ulioachwa ukiufungua utakuta utando wa nondo wa nta, au siafu, au mjusi. Na ukikuta umeanguka chini umepasuliwa, huyo ni nyegere, na hapo aliyetundika alikosea waya.

Mambo haya hayamo kwenye madodoso. Waliokuja kwetu mara ya mwisho waliuliza tu "mizinga yenu mingapi inatumika?" Mtu akiogopa kunyang'anywa atasema yote.

Kalunde_Tbr
Baba, asante sana. Naomba niingize maelezo yako moja kwa moja kwenye hadidu. Nimejaribu hivi:

"Mshauri atahesabu kwa kufika manzuki, si kwa kuuliza, na ataripoti namba nne kwa kila kikundi: mizinga iliyopokelewa, iliyopo manzuki, yenye kundi siku ya kuhesabu (nyuki wakionekana kuingia na chavua ndani ya dakika 4), na iliyorinwa katika miezi 12 iliyopita kwa mujibu wa daftari la kikundi. Kwa kila mzinga usio na kundi ataandika alichokikuta."

Mpimaji Mkongwe
Hapo mshauri hawezi kupotea. Ongeza pia mwezi wa kuhesabu, na hapo ndipo nina ugomvi na tarehe yako ya 10 Februari. Nyuki wetu huingia mizingani maua yanapochanua na huhama yakipungua. Mzinga uleule unaweza kuwa na kundi mwezi mmoja na kuwa mtupu mwezi mwingine bila kosa la mtu. Na Februari Tabora ni katikati ya mvua. Njia za kwenda manzuki zinakatika, watu wako mashambani, na wenye tumbaku wanavuna na kukausha. Utapata wazee na watoto nyumbani.

Mavuno makubwa ya asali huku ni kuanzia Mei hadi Julai, halafu kuna madogo mwishoni mwa mwaka. Ningeiweka kazi ya uwandani Juni.

Mwenyekiti wa Manzuki
Juni nayo ina shida yake, mzee wangu. Wakati wa kurina wanaume wengi wanakwenda kambi porini, siku nyingi hawarudi. Mkija Juni mtaikuta mizinga lakini wenyewe hamtawakuta. Njooni mwishoni mwa Julai. Watu wamerudi, fedha ya asali bado wanaikumbuka, barabara kavu.

Mpimaji Mkongwe
Nakubali. Lakini mwishoni mwa Julai makundi mengine yatakuwa yameanza kuhama kwa kuwa yamerinwa, hivyo namba ya "yenye kundi" itashuka. Ndiyo maana ile ya "iliyorinwa" lazima iwepo pembeni yake. Dada, zungumza na mfadhili akusogezee tarehe. Akikataa, andika kwenye hadidu zenyewe kwamba hesabu imefanyika msimu wa mvua kwa sababu ya tarehe ya mfadhili, ili asije mtu akailinganisha na takwimu za Juni.

Takwimu255
Naona mnazungumzia mizinga tu. Suala kubwa ni sampuli. "Sampuli wakilishi" ni maneno matupu. Hadidu lazima zitaje idadi. Tumia fomula inayojulikana, N ni wanachama wote na e ni kosa linalokubalika, hapa asilimia 5:

```
n = N / (1 + N * e^2)
n = 640 / (1 + 640 * 0.05^2) = 640 / 2.6 = 246
```

Kwa hiyo ni watu 246, chini ya hapo ripoti haina uzito kisayansi. Mshauri anayesema atahoji 100 mkatae.

Mpimaji Mkongwe
Takwimu, uko sahihi kwamba idadi itajwe, na hesabu yako haina kosa. Lakini fomula hiyo inamchukulia kila mtu kama amechaguliwa peke yake kutoka kwenye orodha moja. Hapa watu wamefungwa kwenye vikundi. Wanachama 20 wa kikundi kimoja wana manzuki moja, mafunzo mamoja, mnunuzi mmoja. Nyuki wao wakihama, wote 20 wanakujibu "hatukupata kitu". Umehoji 20 lakini umejifunza jambo moja.

Ukiwahoji watu 246 kwa kuchagua vikundi 13 na kuwamaliza karibu wote, umepata habari za vikundi 13. Ukihoji watu 144 kwa kuchukua vikundi 24 na watu 6 kila kimoja, umetumia fedha kidogo na umeuona mradi kwa upana zaidi. Zaidi ya hapo, vikundi hivyo 24 visichaguliwe na afisa aliyeviunda.

Takwimu255
Nimekuelewa kuhusu vikundi. Lakini ukienda 144 mfadhili akiuliza umeipataje, utasemaje? Fomula inakulinda.

Mpimaji Mkongwe
Utamwandikia sababu hiyo hiyo niliyokuandikia, kwa sentensi tatu. Na mshauri mzuri ataihesabu upya kwenye taarifa yake ya kuanza kazi akishaona orodha. Hadidu ziseme "si chini ya vikundi 24 na watu 6 kila kikundi, mshauri anaweza kupendekeza vingine kwa sababu".

Mwenyekiti wa Manzuki
Hilo la kuchagua vikundi naliunga mkono kwa mikono miwili. Kwetu wageni wote hupelekwa manzuki ileile iliyo karibu na barabara. Ni nzuri kweli, wenyewe wanaifagia. Za ndani ya msitu hakuna aliyewahi kuziona isipokuwa sisi na nyegere. Andikeni majina kwenye vikaratasi, viwekwe kwenye kofia, vichomolewe mbele ya watu.

Kijana wa Ng'ambo
Dada uliniambia nisiondoke, nami nimebaki. Niseme la dodoso. Mradi mmoja nilioufanyia kazi, dodoso lilikuwa na maswali 96. Lengo la siku lilikuwa watu 10 kwa kila mdodosaji. Mtu mmoja anachukua zaidi ya saa moja, na kutoka nyumba moja hadi nyingine ni mwendo. Ilipofika saa 9 alasiri tulikuwa tumehoji watu watano. Wenzangu wengine walikaa chini ya mwembe wakajaza yaliyobaki. Aliyetuajiri hakujua, na ripoti ikatoka na chati za rangi.

Kalunde_Tbr
Hili limenitisha. Mimi niliandika siku 15 kwa kuwa hadidu nilizofuata ziliandika 15.

Mpimaji Mkongwe
Kijana amekupa kipimo. Watu watano kwa siku kwa mdodosaji, na dodoso lisizidi dakika 45. Tuhesabu siku kutoka chini kwenda juu.

Watu 144, wadodosaji 4, kila mmoja watu 5 kwa siku, ni 20 kwa siku, kwa hiyo siku 8. Wakati huohuo mshauri anazunguka manzuki. Huwezi kufika zote 32, chukua 12. Mizinga 40 kwa dakika 4 kila mmoja ni karibu saa 3, bado mwendo wa porini, na nyuki hawatazamwi usiku. Manzuki 2 kwa siku ni kazi ngumu lakini inawezekana. Siku 6. Siku 2 zinazobaki anakaa na wanunuzi na afisa nyuki wa wilaya. Weka siku 2 za safari, maana Kitunda na Kipili si karibu. Uwandani tayari ni siku 10.

Kabla ya hapo anahitaji siku 5 za kusoma nyaraka na kuandika taarifa ya kuanza kazi, na siku 2 za kuwafundisha wadodosaji na kujaribu dodoso kwenye kijiji kisicho cha sampuli. Baada ya hapo siku 5 za uchambuzi, 4 za rasimu, 2 za kurudisha majibu vijijini, 2 za kumalizia. Jumla 30. Ukitangaza 15, mshauri mkweli hataomba, na atakayeomba atatafuta mwembe.

Kalunde_Tbr
Nimepiga hesabu. Siku 30 kwa 300,000 ni milioni 9. Wadodosaji 4 kwa siku 12, za uwandani na za mafunzo, kwa 60,000 ni milioni 2.88. Gari na mafuta siku 12 kwa 250,000 ni milioni 3. Bado posho ya kulala ya mshauri na mikutano ya vijiji. Inaingia kwenye milioni 18, lakini kwa kubana.

Takwimu255
Andika pia kama ada hiyo ni pamoja na kodi. Kwa mshauri mkazi mtamkata kodi ya zuio asilimia 5. Kwenye milioni 9 ni 450,000. Asipojua mapema atawaona mmemdhulumu.

Bomba la Kasulu
Nisamehe nikileta ya Kigoma kwenye uzi wa Tabora, ila inafanana. Sisi tulikuwa na mradi wa maji Kasulu vijijini, vituo 16 vya kuchotea, pampu ya dizeli. Ripoti ya mshauri ilisema vituo 14 vinatoa maji. Mfadhili akafurahi. Miezi miwili baadaye nilipita, akina mama wako mtoni.

Kilichotokea ni kwamba mshauri alitoa taarifa ya siku ya kufika, jumuiya ya watumia maji ikakopa dizeli, maji yakatoka siku ile. Hakudanganywa kwa maneno. Alidanganywa na bomba. Angeomba daftari la kununulia dizeli la miezi 12 angeona kwamba kuna miezi halikuandikwa kitu.

Nikasoma tena hadidu zetu. Zilikuwa na neno lilelile la dada: ripoti "itakayoiridhisha" asasi. Asilimia 50 ya malipo ilikuwa imefungwa hapo. Rasimu ya kwanza ilikuwa na aya kali kuhusu dizeli. Meneja wetu alisema hajaridhika. Ya pili haikuwa na aya ile. Mimi nilikuwepo kwenye kikao na sikusema kitu, na nalijutia hadi leo.

Mpimaji Mkongwe
Umesema jambo zito, na umelisema vizuri. Dada Kalunde, futa neno hilo leo. Andika kwamba asasi inaweza kurudisha rasimu kwa sababu tatu tu: swali la hadidu halijajibiwa, takwimu ina kosa linaloonyeshwa, au hitimisho halina ushahidi ndani ya ripoti. Msipokubaliana na matokeo, pingamizi lenu liwekwe kama kiambatisho na ripoti ibaki ilivyo. Malipo yagawe: asilimia 30 taarifa ya kuanza ikipokelewa, 40 rasimu ikiletwa pamoja na takwimu ghafi, 30 mwisho. Usitoe kitu siku ya kusaini.

Na lile la dizeli kwenu ni daftari la mauzo ya asali.

Kalunde_Tbr
Kwenye daftari ndipo kuna tatizo langu kubwa, naona aibu kidogo lakini niliseme. Utafiti wa awali hatukuufanya ipasavyo. Tuliwahoji watu 60 tu, wote wakiwa wameshajiandikisha, na tukawauliza kilo. Wao wanahesabu kwa ndoo.

Mwenyekiti wa Manzuki
Ndoo ipi, mwanangu? Ndoo ya lita 20 ya asali iliyochujwa si kilo 20. Mnunuzi anajua, ndiyo maana anapenda kununua kwa ndoo. Na ndoo ya masega, nta na asali pamoja, hiyo kila moja na uzito wake.

Mpimaji Mkongwe
Lita moja ya asali ni takriban kilo 1.4, kwa hiyo ndoo iliyojaa asali safi ni kama kilo 28. Afisa aliyeandika ndoo moja kuwa kilo 20 aliwapunguzia watu zaidi ya robo ya mavuno. Sasa mshauri akipima sawasawa kwa mzani, kipato kitaonekana kimepanda hata kama hakuna kilichoongezeka. Mmeona hatari hiyo?

Andika kwenye hadidu kwamba mshauri asiilinganishe namba yake na ile ya watu 60 kabla hajajua walihesabu kwa chombo gani. Aulize ndoo, zilizochujwa na za masega kila moja peke yake. Kisha alinganishe wanachama na majirani wafugaji wa asili wasiokuwa kwenye mradi, kijiji hichohicho, msimu huohuo. Watu 6 kwa kikundi, uongeze na majirani 2.

Takwimu255
Majirani si kundi sahihi la kulinganisha. Waliojiunga na mradi huenda walikuwa na bidii zaidi tangu mwanzo. Na majirani 2 kwa vikundi 24 ni watu 48 zaidi, siku zako 8 zinakuwa 10.

Mpimaji Mkongwe
Kweli yote mawili. Kwa bidii sina dawa, mshauri aiseme tu waziwazi kwenye ripoti. Kwa siku, ama uongeze mdodosaji wa tano, ama upunguze wanachama wawe 5 kwa kikundi. Ukiongeza mdodosaji, 144 na 48 ni 192, kwa wadodosaji watano siku 8. Ukipunguza wanachama, 120 na 48 ni 168, kwa wadodosaji wanne siku 9. Mimi ningeongeza mdodosaji. Kwa bei ya dada ni 720,000.

Kalunde_Tbr
Nitaongeza, na majirani watakaa. Sasa swali la wanawake. Rasimu inasema wahojiwe "kaya". Mkuu wa kaya akijibu, nitamsikia mume.

Bomba la Kasulu
Mhoji mwanamke peke yake, mdodosaji awe mwanamke.

Mwenyekiti wa Manzuki
Kuna nyumba utaleta ugomvi. Mke akisema fedha ya asali haishiki, wewe unaondoka na gari, yeye anabaki. Kwetu porini ilikuwa kazi ya wanaume, wanawake wameanza juzi mizinga ilipowekwa karibu na nyumbani. Wengine kweli wanarina wenyewe, mke wangu mmojawapo, lakini mazungumzo ya fedha ni ya ndani.

Kalunde_Tbr
Naelewa baba, lakini nisipouliza, awamu ya pili itaandikisha tena majina ya wanawake na mizinga itakuwa ya waume zao. Nilikuwa nafikiri kuwakutanisha wanawake wa kikundi pamoja, waulizwe nani alirina mwisho na nani alipokea fedha kwa mnunuzi, bila kumtaja mtu. Na takwimu ghafi zitakazoletwa kwetu zisiwe na majina wala namba za simu. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 kulinda taarifa za watu si jambo la hiari.

Mpimaji Mkongwe
Mkutano wa wanawake utakupa hali ya kikundi, hautakupa idadi. Mwenyekiti ana hoja, na wewe una hoja. Mimi kwa kweli nimeshaona njia zote mbili zikifanya kazi na zote mbili zikiharibika.

Kalunde_Tbr
Nitauliza akina mama wenyewe wakati wa kujaribu dodoso, wao waseme wanavyotaka kuulizwa. Nimeliandika hivyo.

Mfadhili amejibu leo asubuhi. Tarehe amekubali, uwandani utaanza tarehe 20 Julai. Kilichokataliwa ni siku 2 za kurudisha majibu vijijini. Anasema mkutano mmoja Sikonge mjini unatosha, viongozi wa vikundi waitwe.

Mwenyekiti wa Manzuki
Viongozi wakiitwa mjini, majibu yanabaki mjini. Nimehojiwa na watu wanne tangu tuanze nyuki, hakuna hata mmoja aliyerudi kuniambia alichokiona. Mwambie mfadhili tutakaa chini ya mti, chai tutachemsha sisi. Aje tu mtu na karatasi moja ya kikundi chetu: mizinga mingapi, mingapi ina nyuki, mingapi imekufa na kwa nini.

Kalunde_Tbr
Namwandikia tena usiku huu, na maneno yako nayaweka kama ulivyoyasema. Hadidu zimebaki kurasa 4. Nitaziweka hapa Jumatatu, Takwimu naomba uhakiki tena ile hesabu ya majirani.

Takwimu255
Ziweke. Na mwambie huyo mdodosaji wa tano awe ni yule kijana wa Ng'ambo.